Barua ya kuacha kazi isiyo na tarehe

Swali

Shikamoo Mama. Naomba uniandikie barua ya kuacha kazi. Mimi ni karani wa stoo kwenye kampuni moja, nina miaka miwili na miezi kadhaa pale. Nataka iwe fupi, ya heshima, isiyo na maneno ya kugombana, maana barua rasmi zinanishinda. Kama inawezekana nitumie leo, niipeleke kesho asubuhi kabla bosi hajatoka. Nitashukuru sana.

Mwenye Haraka

Jibu

Marahaba mwanangu. Barua nimeshaiandika, utaikuta huko chini, ila kesho asubuhi usiipeleke. Nimeacha nafasi wazi ndani yake na hakuna wa kuzijaza ila wewe: muda wa notisi yako, na siku utakayomaliza. Kuna na jambo la tatu hukunigusia, nalo ni kwa nini unaondoka. Hilo sikuulizi, na nitakuja kukuambia kwa nini.

Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, ofisi ya utumishi, kazi yangu ikiwa kupokea barua kama yako. Bosi akifungua barua ya kuacha kazi hasomi salamu. Jicho linashuka moja kwa moja kutafuta tarehe, kwa sababu mambo yote yanayofuata yanaanzia hapo: mshahara wa mwisho unalipwa hadi siku gani, likizo iliyobaki ni siku ngapi, stoo itahesabiwa lini, funguo atakabidhiwa nani. Barua isiyo na tarehe ni kama hundi uliyoisaini ukaacha sehemu ya kiasi tupu. Anayeishika ndiye atakayejaza.

Niliwahi kupokea moja ya namna hiyo. Kijana aliandika vizuri kabisa, akashukuru kila mtu, kisha akamalizia kwamba ataondoka "mara taratibu zitakapokamilika". Mwenyewe kichwani alikuwa na mwisho wa mwezi, ili apate mshahara mzima. Ilikuwa Jumanne. Meneja wake akaisoma, akasema taratibu zitakamilika Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo kijana akaambiwa arudishe kitambulisho. Alipokuja kudai siku zilizobaki, akajibiwa kwamba barua yake haikutoa notisi yoyote, kwa hiyo yeye ndiye anayedaiwa. Tulibishana juu ya lile faili wiki mbili. Hakupata alichokitegemea, na sababu haikuwa ubaya wa meneja peke yake. Sentensi aliyoiandika ilikuwa inasomeka pande zote mbili.

Sasa hiyo kesho yako, badala ya kupeleka barua, itumie kuutafuta mkataba wako. Notisi iko humo, mara nyingi kwenye kurasa za mwisho, chini ya kichwa kama "Kusitisha Mkataba" au "Kukoma kwa Ajira". Usisome mstari wa kwanza ukafunga karatasi. Mikataba mingi ina notisi mbili: fupi kwa mtu aliye kwenye kipindi cha majaribio, labda siku saba, na ndefu kwa aliyethibitishwa, ambayo inaweza kuwa mwezi mmoja au zaidi. Wewe una zaidi ya miaka miwili, bila shaka majaribio ulishayapita, lakini angalia kama ulipewa barua ya kuthibitishwa kazini na kama ndani yake notisi ilibadilishwa. Hali kadhalika barua ya kupandishwa cheo. Nimeona watu wakihesabu kwa mkataba wa siku ya kwanza, kumbe barua waliyoipokea mwaka mmoja baadaye, wakaishangilia kwa sababu ya mshahara, ilikuwa na mstari mdogo unaoongeza notisi mara mbili.

Kama mkataba umekaa kimya, tazama kitabu cha kanuni za wafanyakazi, au makubaliano ya chama cha wafanyakazi kama mnacho. Navyo vikikaa kimya, sheria ya kazi ya nchi yako huwa inaweka kiwango, na mara nyingi kiwango hicho kinafuata jinsi unavyolipwa, kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Afisa wa kazi wa serikali anaweza kukuambia bila kukutoza kitu. Na kama nakala ya mkataba huna, omba ofisi ya utumishi wakutolee moja kwa kumbukumbu zako. Si lazima ueleze unaitakia nini. Watu huomba nakala kwa mambo ya benki kila siku.

Tahadhari moja nisiisahau: kama mkataba wako ni wa muda maalumu, tuseme miaka mitatu, soma kama una kifungu kinachokuruhusu kutoka kabla ya muda. Si yote inayo. Usipokiona, usipeleke barua yoyote kabla hujaongea na mtu anayejua sheria za kazi.

Haya, tuseme umeona "mwezi mmoja". Watu wengi wakifika hapo wanadhani wamemaliza, kumbe hapo ndipo makosa yanapoanza. Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano wa karani kama wewe, anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, aliyekabidhi barua Jumatatu tarehe 4 Mei 2026.

Mkataba wake ukisema siku 30 za kawaida, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa humo humo. Desturi iliyozoeleka ni kuiacha siku ya kupokelewa barua na kuanza kuhesabu kesho yake, kwa hiyo siku ya kwanza ni tarehe 5 Mei na ya 30 ni Jumatano tarehe 3 Juni. Mkataba ukisema "mwezi mmoja" badala ya siku 30, wengi wanahesabu tarehe kwa tarehe, 4 Mei hadi 4 Juni, kwa sababu Mei ina siku 31. Tofauti ni siku moja tu, lakini siku moja hiyo ikiangukia kwenye mshahara wa mwisho utaisikia.

Ukisema siku 30 za kazi, mambo yanabadilika kabisa. Wikiendi zinatoka kwenye hesabu. Wiki ile ya kwanza anapata siku nne, Jumanne hadi Ijumaa, halafu wiki tano nzima zinampa 25, jumla 29 ifikapo Ijumaa tarehe 12 Juni. Ya 30 ni Jumatatu tarehe 15 Juni, na hapo kila sikukuu ya katikati ambayo ofisi inafungwa inaisogeza mbele zaidi. Halafu kuna mikataba inayosema notisi iishe mwisho wa mwezi, yaani mwezi mmoja kamili wa kalenda. Kwa hiyo aliyeleta barua tarehe 4 Mei anaanza kuhesabiwa tarehe 1 Juni na anatoka tarehe 30 Juni. Angeileta siku chache nyuma, kabla Aprili haijaisha, angetoka tarehe 31 Mei. Siku chache za kuchelewa zimemgharimu mwezi mzima.

Kwa hiyo barua moja, iliyokabidhiwa siku moja, inaweza kukutoa tarehe 3, 4, 15 au 30 Juni, kutegemea maneno mawili matatu ya kifungu. Ndiyo maana sikuweza kukujazia. Kama ningeandika "siku thelathini kuanzia leo" kwa kubahatisha, ungenishukuru leo na kunilaani mwezi ujao.

Na uangalie, kinachohesabiwa ni siku barua inapopokelewa. Ile uliyoiandika juu ya karatasi haihesabiki. Ukiandika Jumapili usiku ukaweka tarehe ya Jumapili, halafu Jumatatu bosi hayupo, ikapokelewa Jumatano, notisi inaanzia kwenye Jumatano. Andika tarehe ya siku utakayoikabidhi, na ikisogea, chapisha upya. Kufuta na kuandika juu kwa kalamu kunafanya barua ionekane imechezewa.

Sasa kuna likizo. Hapa pana jambo ambalo hata maafisa utumishi hulichanganya. Siku ya mwisho kukaa kazini na siku ya mwisho ya ajira zinaweza kuwa tarehe mbili tofauti. Mrudie yule karani wetu wa siku 30 za kawaida, anayemaliza Jumatano tarehe 3 Juni. Tuseme ana siku nane za likizo hajazitumia, na mwajiri amekubali azitumie ndani ya notisi. Hesabu kurudi nyuma: tarehe 3, 2 na 1 Juni ni siku tatu, halafu wiki nzima ya tarehe 25 hadi 29 Mei ni siku tano. Zimetimia nane. Kwa hiyo mara ya mwisho kuingia stoo ni Ijumaa tarehe 22 Mei, lakini mshahara wake unaendelea hadi tarehe 3 Juni na mpaka siku hiyo bado ni mfanyakazi wa kampuni ile. Barua ikisema tu "siku yangu ya mwisho ni tarehe 22 Mei", mhasibu anaweza kumkatia mshahara hapo, na kila mtu akaona amefuata maandishi. Akiandika tarehe mbili, kila moja kwa jina lake, hakuna wa kumchanganya.

Lakini usijipe likizo mwenyewe. Sehemu nyingi mwajiri ana haki ya kukataa isiingizwe ndani ya notisi, akachagua kukulipa hizo siku nane kwa fedha. Na kwingine hairuhusiwi kabisa likizo na notisi ziende pamoja. Kwa hiyo suala la likizo kwenye barua linakaa kama ombi, ilhali tarehe ya kumaliza ajira inakaa kama taarifa.

Sijui kama una kazi nyingine inakusubiri. Kama unayo, hesabu hii ifanye kabla hujawaambia utaanza lini. Yule karani wetu anaweza kuwa ameahidi kuanza Jumatatu tarehe 1 Juni, akifikiri "mwezi" maana yake ni mwezi wa Mei. Ana pengo la siku tatu, na likizo haimsaidii, kwa sababu akiwa likizoni bado yuko chini ya mkataba wa zamani. Hapo ama awaombe waajiri wapya wasogeze hadi Alhamisi tarehe 4, ambayo mara nyingi wanakubali bila shida, ama aombe kampuni yake impunguzie siku tatu za notisi, na akubaliwe kwa maandishi. Asipofanya hivyo, siku tatu zile zinaweza kukatwa kwenye malipo yake. Ukiondoka kabla ya notisi kwisha, kawaida unamlipa mwajiri mshahara wa siku ulizozikwepa. Ukikaa siku 10 kati ya 30, unadaiwa za siku 20. Kwa karani wa stoo ambaye amebakiza kulipwa siku chache na likizo kidogo, hesabu hiyo inaweza kumtoa mikono mitupu.

Na kama hiyo kazi mpya ni ya maneno tu, ya "njoo tu, nafasi ipo", subiri barua yao iliyosainiwa. Barua ya kuacha kazi ikishapokelewa, kwa kawaida huwezi kuirudisha bila mwajiri kukubali. Nimewaona watu wakirudi wiki ya pili kuomba barua yao, na meza ya stoo ina mtu mwingine tayari anafundishwa kuandika kwenye leja.

Nije kwenye sababu. Hukuitaja, na barua haiihitaji. Sehemu nyingi mfanyakazi anayetoa notisi yake kamili halazimiki kueleza kwa nini, na nimeona madhara mengi zaidi kwenye barua zilizoeleza kuliko zilizonyamaza. Mtu anaandika "kwa sababu ya mshahara mdogo", siku ya pili anaitwa kuongezewa kidogo na sasa inabidi atunge sababu nyingine. Mwingine anaandika "kwa sababu za kiafya", halafu mwajiri mpya akipiga simu kuulizia mwenendo wake anaambiwa kijana ni mzuri ila mgonjwamgonjwa. Hata ile "sababu binafsi" ambayo kila mtu anaipenda, kwangu ni maneno ya kujaza nafasi. Ukitaka kuiweka kwa ajili ya adabu, haina ubaya.

Haina ubaya isipokuwa hali moja, na hii isome mara mbili. Kama unaondoka kwa sababu hujalipwa mishahara, au unanyanyaswa, au umeshushwa cheo kinyume na mkataba, yaani kama kwa kweli umesukumwa nje, usiandike "sababu binafsi" na wala usinyamaze. Nchi nyingi zina sheria inayomtambua mtu aliyelazimishwa kuacha kazi kana kwamba ameachishwa, na ana haki za kudai. Lakini siku utakapokwenda kudai, karatasi ya kwanza itakayowekwa mezani ni barua yako. Ikiwa imesema umeondoka kwa hiari, kwa shukrani nyingi, kazi ya kuthibitisha vinginevyo itakuwa ngumu. Kama hali yako ni hiyo, barua yangu hapo chini haikufai. Nenda kwa chama cha wafanyakazi au kwa afisa wa kazi kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Nimeona umesema hutaki maneno ya kugombana, ndiyo maana nakuuliza hili kwa upole: je, kuna ugomvi? Ujibu moyoni mwako.

Jambo dogo la mwisho kabla ya barua, ambalo ni letu sisi waandishi wa barua za Kiswahili. Tumezoea kuandika juu, "YAH: OMBI LA KUACHA KAZI". Ni mazoea ya adabu, mtu haingii kwa mkubwa bila kuomba. Lakini ombi hujibiwa, na linaweza kukaa kwenye trei wiki tatu likisubiri jibu, na bosi mjanja anaweza kusema hajalikubali. Nilishawahi kukuta barua ya namna hiyo ina maandishi ya kalamu nyekundu pembeni: "Ombi limekataliwa." Mwenye barua alikaa miezi miwili zaidi, akiamini hana ruhusa. Kuacha kazi kwa kutoa notisi ni taarifa. Andika TAARIFA, heshima yako itaonekana kwenye maneno mengine. Na neno "kujiuzulu" waachie mawaziri na wenyeviti, kwa karani "kuacha kazi" linatosha na linaeleweka.

Hii hapa. Penye nukta jaza wewe.

> (Jina lako kamili)
> (Cheo na namba ya mfanyakazi)
>
> (Tarehe ya kukabidhi)
>
> Meneja,
> (Jina la kampuni)
>
> YAH: TAARIFA YA KUACHA KAZI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Kwa barua hii natoa taarifa kwamba ninaacha kazi yangu ya karani wa stoo. Kwa mujibu wa kifungu cha …… cha mkataba wangu wa ajira, natoa notisi ya ……, inayoanza kuhesabiwa tarehe ……. Siku yangu ya mwisho ya ajira itakuwa tarehe ……. Endapo hesabu ya ofisi ni tofauti na hii, naomba nijulishwe kwa maandishi.
>
> Nina siku …… za likizo ambazo sijazitumia. Naomba nizitumie ndani ya kipindi cha notisi, ili siku yangu ya mwisho kuwapo kazini iwe tarehe ……, au nilipwe fedha badala yake.
>
> Niko tayari kuhesabu mali ya stoo pamoja na atakayeteuliwa na kumkabidhi kumbukumbu na funguo kabla ya siku hiyo. Naomba pia niandaliwe malipo yangu ya mwisho na cheti cha utumishi.
>
> Nashukuru kwa nafasi niliyopewa kufanya kazi hapa.
>
> Wako mtiifu,
>
> (Saini)
> (Jina)

Sentensi ile ya "endapo hesabu ya ofisi ni tofauti" usiitoe. Inaonekana kama unyenyekevu, na ni unyenyekevu kweli, lakini kazi yake ni nyingine. Umeshataja tarehe yako. Wakinyamaza, una maandishi ya kuonyesha kwamba waliijua na hawakuipinga. Wakipinga, watapinga mapema, wakati bado mnaweza kukaa na kifungu mezani, na si siku unayofuata mshahara.

Kuhusu kuhesabu stoo, nimekuwekea kwa makusudi. Kwa karani wa stoo hii ndiyo sehemu ya kuogopa kuliko tarehe zote. Ukiondoka bila makabidhiano yaliyosainiwa, kitu kitakachopotea mwezi ujao kitatafutwa kwenye jina lako. Panga kuhesabu siku mbili tatu kabla ya kuondoka, usiache iwe siku yenyewe, kwa sababu kutakuwa na boksi moja lisiloonekana na mtahitaji muda wa kulitafuta. Na likizo ikikubaliwa, kumbuka makabidhiano yanahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho kuwapo kazini, ile ya kwanza kufika. Yule karani wetu, ambaye mara ya mwisho yuko stoo Ijumaa tarehe 22 Mei, aanze kuhesabu Jumanne au Jumatano ya wiki hiyo.

Chapisha nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea na kusaini, uondoke nayo. Kama ofisi yenu hupokea kwa baruapepe, tuma kisha omba wakujibu kwamba wameipata, na jibu hilo lihifadhi mahali ambapo si akaunti ya kazini, kwa sababu akaunti hiyo itafungwa siku unayotoka, pamoja na ushahidi wako.

Na kabla hujaondoka pale mapokezi, soma ule muhuri. Ni ile mihuri ya mpira yenye tarehe ya kuzungusha kwa kidole, na mhudumu akiwa na shughuli asubuhi husahau kuizungusha. Nilishapokea barua ya Jumatatu yenye muhuri wa Ijumaa, na nyingine, mbaya zaidi, yenye muhuri wa kesho yake, mtu alizungusha mara mbili. Ukiona tarehe siyo, mwombe agonge tena pembeni na asaini. Hatakasirika.